Wateja Waambiwe Kabla Mwezi Haujaandama

Tuseme unashona na kuuza vitambaa Kiunga, na kikundi cha akina mama kimekupa kazi ya Idd. Utawaambiaje kuwa unafunga? Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na hilo hujulikana jioni mwezi unapotazamwa. Basi hesabu kwa 29. Anayehesabu kwa 30, mwezi ukiandama mapema, atakesha akishona vifungo huku wateja wakigombana mlangoni.

Waambie hivi: “Akina mama, mwisho wa kupokea kitambaa ni Ramadhani 20. Nguo zichukuliwe kufikia tarehe 27. Nafunga siku tatu za Idd, nafungua mfunguo mosi tarehe 4. Atakayechelewa atashonewa baada ya hapo.”

Kisha taja dharura ni ipi, la sivyo kila gauni litakuwa dharura. Gauni hungoja, sanda haingoji, kwani maiti huzikwa upesi. Mwanamume huvikwa nguo tatu, mwanamke tano. Kata bafta ya kuwatosha, uiweke nyumbani wala si dukani, na uwaambie wapige hodi saa yoyote.