Namba ya kusimamisha ikuwe mu mukono wa shefu wa posti

Siku hizi sosiete za migodi zinaweka ordinatere kila pahali: ku pompi, ku ventilateri, ku kaji inayoshusha na kupandisha watu. Kwa hiyo zingine zinalipa mafundi kutoka inje waje kujaribu kuingia mu rezo yao kama vile mwizi angefanya, waonyeshe matundu mbele mwizi wa kweli hajayaona. Sisi hatukatai kazi hiyo, iko ya lazima. Lakini tunauliza: nani anaandika masharti yake? Mara mingi ni watu wa biro peke yao. Na watu walio chini ya udongo njo watakaolipa kama masharti yaliandikwa vibaya.

Tusiseme ni woga wa bure. NIST, biro ya Serikali ya Amerika inayotunga kanuni za ufundi, imeandika mambo hayo mu kitabu chake SP 800-82. Sosiete moja ya gazi iliita mafundi wajaribu rezo ya biro. Wale mafundi wakateleza, wakaingia mu sehemu ya rezo iliyoungana na mashini zenyewe. Mashini zikaganda, na muda wa saa 4 gazi haikupita mu mabomba. Kitabu kile kinasimulia tena mukono wa mashini wenye urefu karibu metre 3. Ulikuwa umetulia. Mutu akatuma mu rezo salamu ndogo ya `ping`, ile inayouliza tu «uko pale?», na mukono ukageuka nusu duara. Kama mutu angekuwa amesimama karibu, tungekuwa tunasema habari ya kilio.

Sababu yake iko rahisi. Ordinatere ya biro imezoea kuulizwa maswali elfu kwa dakika. Lakini otomati, kile kisanduku kinachoamuru pompi, mara mingi ni cha zamani, kilifanywa kisikilize sauti moja tu. Ukikipigia kelele, kinaweza kuganda. Na pompi ikisimama, wasomaji wetu wanajua maji hayangojei. Kipushi, mwaka wa 2011, mugodi ulijaa maji sababu pompi hazikutunzwa muda murefu. Haikuwa kazi ya ordinatere, lakini inatuonyesha bei ya pompi iliyosimama.

Basi neno la kwanza ku karatasi ya masharti liwe vitu vya kutogusa: pompi, ventilateri, kaji, vipimo vya hewa mbaya, na simu ya chini. Visijaribiwe hata siku moja vikiwa mu kazi. Tunasikia mafundi wakisema: «Tukiacha hivyo, hatutajua matundu yake.» Ni kweli. Dawa iko: watwae otomati ya akiba iliyo mu atelie, waijaribu pale juu ya meza, ama wangoje siku mashini inasimamishwa kwa matengenezo, shefu wa umeme akiwa pembeni.

Lakini kuandika «usiguse pompi» haitoshi. Wale wa gazi waliitwa kwa rezo ya biro tu, na bado wakafika ku mashini. Kwa nini? Sababu mulango ulikuwa wazi katikati. Kwa hiyo masharti yaseme pia: fundi akikuta mulango unaoelekea ku mashini, anasimama pale pale, anaandika alichokiona, anapiga simu. Haingii. Na orodha ya adrese ipitiwe juma lile lile pamoja na watu wa otomati, sababu adrese iliyokuwa ya mashini ya kuchapisha karatasi mwaka jana inaweza leo kuwa ya pompi.

Neno la pili ni saa. Tutwae mfano wa mugodi wenye posti 3, zinazobadilishana saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Mafundi wanaomba usiku wa Siku ya Mungu, sababu biro zimelala na hakuna atakayesumbuliwa. Biro itafurahi. Lakini ku shimo, usiku ule njo kuna watu wachache wa kusaidia: fundi wa otomati yuko nyumbani, muinjinia mukubwa hajibu simu. Sisi tungesema siku za kazi, kati ya saa 2 na saa 6 mchana, watu wa otomati wakiwa wote ku kazi. Na kila kitu kisimame saa moja mbele ya kulipua, na tena wakati wa kubadilisha posti, sababu kaji inabeba watu.

Tena saa ziandikwe namna moja mu karatasi zote. Mu Iowa, Amerika, mwezi wa 9 mwaka wa 2019, mafundi wawili waliolipwa na tribinali za jimbo wajaribu milango walikamatwa usiku mu nyumba ya tribinali ya wilaya, wakafungwa. Karatasi moja ilitaja saa za mchana, ingine ikaongeza mangaribi; na wilaya, mwenye nyumba, haikukuwa imeambiwa kitu. Mashitaka yalifutwa paka mwezi wa kwanza wa 2020. Kwetu, jambo la mwenye nyumba ni kubwa: kama ventilateri ni ya sosiete ingine iliyokodiwa, sinyatiri ya mukubwa wa mugodi haitoshi.

Neno la tatu njo lile linalotuuma zaidi: nani anaweza kusema «simama»? Pembeni ya mukanda unaobeba majiwe kuna kamba. Mufanya kazi yeyote akiona hatari anaivuta, mukanda unasimama, maelezo yanakuja nyuma. Teste nayo itafutiwe kamba yake. Mara mingi ku karatasi kuna namba moja tu, ya mukubwa wa enformatike, na usiku simu yake imezimwa. Tunaomba namba mbili ku upande wa mafundi na mbili ku upande wa mugodi, zipigwe kweli mbele ya kuanza, usiku pia. Chini simu za mukononi hazishike. Basi sale ya kontroli ipokee neno kwa radio na kulipitisha. Shefu wa posti akisema «simama», fundi aache mu dakika 5, bila kubishana. Na kuanza tena kusitoke kwa fundi: shefu yule yule asinye kwamba mashini ziko sawa.

Wengine watasema: «Mukiambia kila mutu, teste inapoteza ukweli.» Walinzi na biro wasiambiwe, tunakubali. Lakini mu kila posti mutu mumoja wa sale ya kontroli ajue, akiwa na adrese ambazo mafundi wanatumia, ili aweze kutenga kelele yao na ya mwizi. Na pompi ikisimama siku ile, asiseme «ni wale wa teste tu» na kubaki amekaa. Alarme ni alarme: watu wapande kwanza, kuuliza kutakuja kisha.

Wajumbe wa sendika, mukisikia teste kama hiyo inakuja kwenu, ombeni kuona karatasi mbele haijasinywa. Tafuteni mule jina la shefu wa posti. Kama haliko, iandikwe upya.