Miezi Iliyofungiwa: Tahadhari ya Malaria Kyela Ijaribiwe Mara Moja

Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ni mahali ambapo maji hayafichiki. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka nyanda za juu na kutua katika bonde la Kyela, ambako mpunga huota na maji husimama. Mvua huanza Novemba na kufikia kilele Machi na Aprili. Kila mhudumu wa afya aliyefanya kazi huku anajua kwamba baada ya mvua hufuata homa. Haishangazi, basi, kwamba wengi wetu tumetamani kuunda kanuni ya tahadhari: mvua ikivuka kiasi fulani, dawa mseto na vipimo vya haraka viagizwe mapema kabla foleni haijafika mlangoni.

Sina shaka na tamanio hilo. Shaka yangu iko katika namna tunavyojiridhisha kwamba kanuni inafanya kazi. Nasema hivi kwa kuwa nami niliwahi kujidanganya. Miaka kadhaa iliyopita niliunda kanuni ya namna hii kwa kituo kimoja, nikaijaribu kwa takwimu za mwaka wa mwisho, ikafeli. Nikaibadilisha kidogo, nikaijaribu tena kwa mwaka uleule, ikafeli kidogo. Mara ya tatu ikapendeza, nikaipeleka kikaoni. Msimu uliofuata ilitutuma kupeleka dawa pasipohitajika, huku zahanati nyingine ikiishiwa na akina mama wakirudishwa na watoto wenye homa. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake; nami niliivuta ngozi mara tatu bila kujua.

Dawa ya kosa hilo ni rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia. Kabla ya kuanza kazi, tenga sehemu ya mwisho ya takwimu, usiiguse, na uifungue mara moja tu, kanuni ikiwa imekamilika. Nitaeleza hatua zake kwa mfano niliobuni ili hesabu zionekane.

Tuseme kituo cha afya kando ya ziwa kina taarifa za MTUHA za wagonjwa wa malaria waliothibitishwa kwa kipimo, mwezi kwa mwezi, kuanzia Januari 2012 hadi Desemba 2023. Hiyo ni miezi 144. Miezi 24 ya mwisho, yaani 2022 na 2023, inakatwa na kukabidhiwa mtu mwingine, kwa mfano mtunza takwimu wa kituo. Kwa nini 24 na si sita? Kwa sababu malaria ya bonde hili ina mwendo wa mwaka mzima. Miezi sita ya kiangazi itaisifu kanuni yoyote inayonyamaza, na msimu mmoja wa mvua unaweza kuwa wa bahati tu. Angalau misimu miwili kamili inahitajika.

Miezi iliyobaki ndiyo ya kazi. Kwanza tunaweka mpaka wa mlipuko. Kwa kila mwezi tunapanga idadi ya mwezi huohuo katika miaka mitano iliyotangulia, na idadi ya pili kutoka juu inakuwa mpaka. Ndiyo maana miaka ya 2012 hadi 2016 inatumika kama msingi, na kanuni yenyewe inaundwa kwa miezi 60 ya 2017 hadi 2021. Hapa tuko huru kujaribu. Mbu huhitaji wiki moja hadi mbili kukua kutoka yai, kimelea huhitaji muda kama huo ndani ya mbu, na mgonjwa hupita siku kumi au zaidi kabla ya homa. Kwa hiyo inafaa kuangalia mvua ya mwezi mmoja, miwili au mitatu nyuma, pamoja na viwango mbalimbali vya mvua. Jambo moja halina msamaha: kila jaribio liandikwe daftarini, hata lililotupwa. Ukijaribu kanuni arobaini na tano na kuchagua bora, sehemu ya ubora wake ni bahati, na daftari ndilo litakalokukumbusha baadaye.

Miezi iliyofungiwa huvuja kwa njia za siri. Mtu huweza kukokotoa wastani wa mvua ya Aprili kwa miaka yote kumi na miwili, akiwemo Aprili wa 2023, kisha akautumia wastani huo kuunda kanuni. Hajafungua bahasha, lakini ameisoma kwa nje. Njia nyingine ni kumbukumbu. Daktari aliyekuwapo wodini mwaka 2023 anakumbuka mwezi vitanda vilipojaa, na mkono wake utaegemea kanuni inayoukamata mwezi ule. Ndiyo maana napendelea kanuni iundwe na mtu ambaye hakuwapo, au angalau sababu ya kila uchaguzi iandikwe kabla.

Kabla ya kufungua, karatasi moja inaandikwa na kutiwa sahihi. Inataja kanuni kamili bila kubakiza neno, kiwango cha kuridhika, na kanuni ya kivivu ya kulinganishia. Katika mfano wetu ya kivivu inasema hivi: mwezi uliopita ukivuka mpaka, toa tahadhari mwezi huu. Haihitaji kipimamvua wala kompyuta.

Sasa tufungue. Katika miezi 60 ya kazi kulikuwa na miezi 12 ya mlipuko. Kanuni ya mvua ilikamata 10, na katika miezi 48 ya kawaida ilipiga kelele bure mara 3. Tukafurahi. Katika miezi 24 iliyofungiwa kulikuwa na miezi minne ya mlipuko: Aprili na Mei 2022, kisha Mei na Juni 2023. Kanuni imekamata miwili tu, na imepiga kelele bure mara 6 katika miezi 20 ya kawaida. Kanuni ya kivivu nayo imekamata miwili, Mei 2022 na Juni 2023, na kukosea mara mbili tu.

Hapa ndipo uadilifu hupimwa. Mkono unawasha kuongeza kiwango cha mvua kidogo na kujaribu tena. Usifanye hivyo. Jiulize kwanza ni kiasi gani cha matokeo haya kinaweza kuwa bahati mbaya. Kanuni ambayo kwa kweli hukamata 10 kati ya 12 inaweza kukamata miwili au pungufu kati ya minne takribani mara 13 katika 100. Na kwa kuwa miezi ya mlipuko hufuatana, nafasi hiyo huenda ni kubwa zaidi. Kwa hiyo kukosa miwili si ushahidi mzito. Kelele za bure ni jambo tofauti. Kama kiwango cha kweli kingekuwa 3 kwa 48, kupata sita au zaidi katika miezi 20 kungetokea chini ya mara moja katika 100. Hilo bahati haielezi.

Baada ya hapo, tafuta sababu nje ya kanuni. Fungua leja ya stoo: je, vipimo vya haraka viliisha katika miezi ile sita? Vikiisha, wagonjwa hutibiwa kwa dalili, hawaingii katika hesabu ya waliothibitishwa, na tahadhari ya kweli huonekana kuwa ya bure. Uliza kama vyandarua viligawiwa au zahanati mpya ilifunguliwa jirani na kuchukua wagonjwa. Angalia pia kama mvua ilikuja kwa mafuriko, kwani maji yanayokwenda kwa kasi husomba viluwiluwi, na madimbwi hubaki baadaye. Mwisho rudi kwenye daftari. Kama vyote hivyo ni vya kawaida na majaribio yalikuwa arobaini na tano, basi jibu la karibu zaidi ni kwamba kanuni ilikariri miaka ya kazi badala ya kuielewa.

Lakini kupata sababu hakukupi ruhusa ya kusahihisha na kutangaza ushindi kwa miezi ileile. Ukishaiona, miezi hiyo imekuwa miezi ya kazi. Kanuni iliyorekebishwa ina shahidi mmoja tu aliyebaki, nao ni wakati ujao: iandike, ifungie, na uiache iende kimyakimya kwa misimu miwili ya mvua bila kuagizia dawa. Ninakubali hali moja ya pekee. Kama mwezi mmoja uliingizwa mara mbili kwenye takwimu, kosa hilo lisahihishwe na jaribio lirudiwe, mradi matokeo yote mawili yaandikwe na kosa liwe ni lile ambalo tungelisahihisha hata kama matokeo yangependeza.

Wenzangu hunijibu kwamba hatuna anasa ya kusubiri misimu miwili wakati watoto wanaugua. Naiheshimu hoja hiyo. Ila kusubiri hakumaanishi kukaa bila chochote. Kanuni ya kivivu ipo, na imefanya vizuri zaidi. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kuuona mwezi wa kwanza wa mlipuko, kwa hiyo akiba ya dharura iwekwe kabla ya Machi kila mwaka. Hilo ni bora kuliko kelele sita za bure, kwani mhudumu aliyeitikia sita haitikii ya saba.

Matokeo yanayosikitisha yakitangazwa hayaaibishi kazi. Mwaka 2006, wataalamu waliofuatilia joto la bahari na mvua kwa setilaiti walitoa tahadhari ya homa ya Bonde la Ufa kwa Afrika Mashariki kabla ya wagonjwa kuonekana Garissa mwezi Desemba; mapema 2007 ugonjwa ulifika Tanzania. Assaf Anyamba na wenzake walipochapisha tathmini mwaka 2009, waliandika kwamba asilimia 64 ya wagonjwa walitoka katika maeneo yaliyochorwa kuwa hatarini. Wangeweza kuchora ramani upya kimya na kudai zaidi. Kwa kuitaja asilimia hiyo jinsi ilivyokuwa, waliwaonyesha waliowafuata mahali pa kutafuta.

Kwa hiyo, mhudumu mwenzangu, ukiletewa kanuni mpya ya tahadhari, uliza maswali matatu: ilijaribiwa kwa miezi ipi ambayo muundaji hakuiona, ilijaribiwa humo mara ngapi, na ilishindana na kanuni gani ya kivivu. Nawe msomaji unayeishi Matema, Ipinda au Itungi, shika moja: tahadhari ni ya kupangia stoo, haipimi damu ya mtu. Mtoto akiwa na homa apimwe siku hiyohiyo, iwe tahadhari imetolewa au haikutolewa.