Faida Kubwa Isitufumbe Macho

Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze biashara mwaka 1998, wako wananchi walioweka akiba zao katika hisa. Aghalabu huuliza swali moja: mtaji wa wenye hisa umezaa faida asilimia ngapi? Swali hilo ni la haki, lakini halijitoshelezi. Hatuna budi kuuliza pia: deni la kampuni ni mara ngapi ya mtaji huo?

Tuchukue mfano wa kampuni mbili, kila moja ina mali ya shilingi milioni 100 inayoingiza faida ya milioni 20 kwa mwaka kabla ya riba na kodi. Kodi tuiache kando. Kampuni ya kwanza haidaiwi. Faida yake ni asilimia 20 ya mtaji. Ya pili ina mtaji wa milioni 20 tu, na mkopo wa milioni 80 kwa riba ya asilimia 15. Ikilipa riba ya milioni 12 hubakiwa na milioni 8, yaani asilimia 40. Asiyetazama deni ataisifu hiyo.

Sasa biashara izorote, milioni 20 ziwe 10. Ya kwanza ingali na faida ya asilimia 10. Ya pili imepata hasara ya milioni 2, kwani riba haipungui kwa kuwa soko limelala.

Basi vipimo hivi visomwe pamoja, na kiwanda kilinganishwe na kiwanda mwenziwe. Benki ina mizani yake, maana amana za wateja nazo ni deni.