Ripoti ya Darasa la Nne
Ukishuku kwamba una tatizo la umakini, usitosheke na dodoso la mtandaoni. Mtaalamu wa afya ya akili atakuuliza: je, dalili zilikuwapo kabla hujatimiza miaka 12? Hujitokeza kazini na nyumbani pia? Ndiyo maana naona ripoti ya darasa la nne iliyoandikwa “ana akili, ila hasikilizi” ina uzito kushinda alama za dodoso. Ikiwa imepotea, mama au shangazi aulizwe. Kama usahaulifu ulianza mwaka jana tu, huenda chanzo ni usingizi haba, sonona au tezi ya shingoni. Ukingoja miadi, andika insha yako aya moja moja, simu ikiwa chumba kingine.