Kukata Kushoto Mbele ya Motokari Zinazokuja

Katika mkutano uliopita, dada mmoja wa kundi la wauzaji wa unga alituuliza swali ambalo tuliona linastahili ukurasa mzima. Alisema hivi: «Ninapokata kushoto kuingia sokoni, ninatazama mbele, ninaona moto iko mbali kabisa. Ninaanza kukata, na mara iko mlangoni pangu. Je, inatoka wapi?»

Haitoki mahali pengine. Ni ile ile aliyoiona. Jicho lake lilimwambia mambo mawili ya uongo, na macho yetu sisi wote husema uongo ule ule.

Huku Kongo tunatembea mkono wa kuume wa barabara. Kwa hiyo kona ya kuume ni rahisi, haikutani na mtu. Kona ya kushoto ndiyo inayotupitisha katikati ya njia ya wenzetu wanaokuja, na sheria inasema wazi kwamba anayekata kushoto ndiye anayengoja. Tuchukue barabara kubwa ya kutoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, kwa sababu wengi wetu tunaijua: lami, kamyo nyingi, na masoko madogo yaliyokaa ukingoni kabisa.

Uongo wa kwanza wa jicho ni huu. Kitu kinachokuja moja kwa moja usoni petu hakionekani kama kinatembea. Hakiendi kuume wala kushoto, kinakua tu. Na kinakua kwa namna ya kudanganya. Moto inayokuja kwa kilometa 90 kwa saa inakula mita 25 kila segonde. Ikiwa iko mita 200, itatumia segonde 4 kufika mita 100, na katika segonde hizo zote umbo lake linaongezeka mara mbili tu: kutoka kidoa kidogo kuwa kidoa kikubwa kidogo. Kisha kutoka mita 100 hadi 50 inatumia segonde 2, na umbo linaongezeka mara mbili tena. Kutoka 50 hadi 25 ni segonde moja tu. Ndiyo sababu dada yetu aliona «iko mbali, iko mbali», halafu ghafula iko mlangoni. Moto haikuongeza mwendo. Jicho ndilo lililochelewa.

Uongo wa pili ni wa ukubwa. Kitu kidogo tunakidhania kiko mbali zaidi, na kwamba kitachelewa kufika. Kamyo na moto zikiwa mahali pamoja, kwa mwendo mmoja, tutaiogopa kamyo na kuipuuza moto. Usiku ni vibaya zaidi, kwa kuwa moto ina taa moja, na taa moja peke yake haituonyeshi upana wowote wa kupimia. Na tusisahau zile motokari zenye taa moja iliyokufa: tunadhani ni moto, kumbe ni motokari nzima, na upande wenye giza huenda ndio ulio karibu nasi.

Basi tusiulize jicho «iko mbali kiasi gani?» Tuulize «itafika baada ya segonde ngapi?», na tuhesabu.

Tunafanya hivi. Tukiwa tumesimama kungoja, tunachagua alama mbele yetu: mwembe, nguzo ya umeme, butike yenye rangi. Motokari ya kwanza ikipita ile alama tunaanza kuhesabu polepole, «mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu», mpaka ipite mbele yetu. Kila neno ni karibu segonde moja. Tuseme mwembe uko mita 100. Motokari inayotembea kilometa 60 kwa saa itatumia segonde 6 kutoka pale mpaka kwetu. Ile inayokimbia 90 itatumia 4. Mwembe ni mmoja, umbali ni ule ule, na segonde 2 zimepotea. Segonde 2 hizo ndizo zinazoamua kama mkia wa motokari yetu utapita ama hautapita.

Sasa upande wetu sisi. Kukata kunahitaji muda gani? Tulimpima dada yule katika kiwanja kitupu, mwingine akishika saa. Kutoka magurudumu yalipoanza kuzunguka mpaka mkia ulipovuka mstari wa pili, motokari ikiwa tupu, ilikuwa segonde 4. Tukapakia mifuko yake ya unga kama siku ya soko, na watu watatu nyuma: ikawa 5 na kidogo. Na bado kuna segonde moja ya kuamua, yaani muda kati ya kusema moyoni «sasa!» na mguu kukanyaga. Jumla yake ni segonde 6 na zaidi. Rudi kwenye mwembe: akianza kukata wakati motokari ya 60 iko pale, inamfikia mkia ungali barabarani. Ile ya 90 inamfikia yeye mwenyewe, mlangoni, kama alivyotuambia. Kwake, basi, mwembe si alama nzuri. Anahitaji nafasi ya segonde 8, na kwa barabara ya watu wanaokimbia 90 hiyo ni mita 200. Tulienda naye kutafuta alama ya pili, tukaipata: kibao cha karakana kilicho mbali mara mbili kuliko mwembe. Kama kuna kitu chochote kati ya kibao na yeye, anangoja. Na mahali ambapo kilima au kona inafunika njia, mtu asione mita 200, hapo si mahali pa kukata kushoto, hata soko likiwa mbele ya pua.

Kabla ya kutazama mbele, tutazame kwanza tunakoingia. Hili tumeliona mara nyingi mbele ya masoko: dereva amepata nafasi nzuri, amekata, na mlangoni anakuta mama mwenye beseni kichwani, kikuli cha mkaa na watoto wawili wanaovuka. Inambidi asimame. Pua imeingia, lakini mkia umebaki katika njia ya kamyo. Nafasi ya segonde 8 haisaidii chochote kama mlango wa soko umejaa watu. Kama mlango haukuwa wazi tangu mwanzo, nafasi ile haikuwa yetu.

Kuna hatari moja ambayo sisi tunaiogopa kuliko zote, na inakuja ikiwa imevaa nguo ya wema. Kamyo inayotoka mbele inapunguza mwendo, inasimama, na dereva wake anatupungia mkono: «Pita, mama.» Tunamshukuru, tunakata. Lakini yeye ametupa njia yake tu, hakutupa barabara nzima. Ubavuni pake, upande tusioouona, motari hajui kwa nini kamyo imesimama, naye anapenya. Kamyo ni ukuta. Tukipewa njia namna hiyo, tunapita polepole kama mtu anayeingia nyumba yenye giza, tunasimamisha pua pale ukuta unapoishia, tunatazama, ndipo tunamaliza.

Ukuta huo ni mrefu zaidi kwa wale wenye motokari za volani kuume. Tunazo nyingi, zile zinazotoka Japani, na zile zinazopitia Zambia ambako wanatembea upande wa kushoto. Kwao volani ile inamweka dereva karibu na katikati ya barabara, kwetu inamweka karibu na mtaro. Kwa hiyo, kama mbele yetu kuna kamyo inayongoja kukata upande wake, dereva wa volani kushoto anaweza kuchungulia kando yake, lakini sisi wa volani kuume tunaona kamyo tu. Mwenzetu aliyeketi kushoto anaona zaidi. Anaweza kutusaidia kwa neno moja tu: «ngoja». Neno «pita» tusilipokee kwake, kwa kuwa yeye hajui mguu wetu utachelewa kiasi gani. Kamyo ile ikiondoka, tutajionea wenyewe.

Wakati wa kungoja, magurudumu yabaki yameelekea mbele. Wengi wanayapinda kushoto mapema ili waondoke haraka. Mtu akitugonga kwa nyuma, magurudumu yaliyopinda yanatupeleka moja kwa moja mbele ya wanaokuja. Yakiwa yamenyooka, tunasukumwa katika njia yetu wenyewe. Mguu ubaki juu ya frene ili taa nyekundu ziwake nyuma, na klinyota iwashwe mapema, si wakati tumekwisha kusimama. Ile klaksoni ya taksi nyuma yetu haipimi segonde. Inapima haraka ya mwenyewe. Kama hatuwezi kuivumilia, tuendelee mbele, tupite soko, tutafute mahali pana pa kugeuka, turudi tukiwa upande wa soko na tuingie kwa mkono wa kuume. Ni dakika tano, pengine kumi. Dada wa unga sasa anafanya hivyo siku za mvua, na anasema wateja hawajamkimbia.

Na sisi ambao hatuna motokari, ambao ndio wengi? Sisi nasi tunakata kushoto kila siku, nyuma ya motari. Na mara nyingi ni sisi tunaomwamuru: tunaongea, tunatengeneza kitenge, mtoto analia mgongoni, halafu tunashtuka, «Hapa! Hapa kushoto!» Motari anataka kumridhisha mteja, anapinda bila kungoja. Hakupata hata segonde moja ya kutazama mbele, wala ya kutazama nyuma kama kuna anayempita. Afadhali tumwambie mapema, tukiwa bado hatujafika kwenye kanisa ama pompi ya mafuta iliyo kabla ya kwetu: «Ndugu, baada ya pompi ninashuka. Usikate, nishushe upande huu huu wa kuume.» Kisha tunangoja moto iondoke, tunamshika mtoto, na tunavuka kwa miguu. Hesabu ni ile ile, ila mwendo wetu ni mdogo: mtu mzima mwenye mzigo na mtoto anatumia segonde 7 au 8 kuvuka barabara ya njia mbili. Kwa wale wanaokimbia 90, hiyo nayo ni mita 200.

Jumamosi hii, baada ya mkutano, tutapima tena katika kiwanja kilicho nyuma ya ukumbi. Wenye motokari na moto waje nazo zikiwa na mzigo wao wa kawaida, si tupu. Wasio nazo waje na kikapu na mtoto, tutapima kuvuka. Mwenye saa ya segonde aje nayo, ya kwetu imekwisha betri.