Chupa kubwa siyo rahisi kila mara
Wazazi wetu walituzoesha kununua chupa kubwa, na kwa shampuu wako sahihi. Kwa seramu ya vitamini C, mimi nakataa. Tuseme hapa London chupa ya mililita 30 ni pauni 18, ya 60 ni pauni 30. Kwa mililita, kubwa inashinda: peni 50, ndogo 60. Lakini ukipaka nusu mililita kila asubuhi, ndogo inaisha siku ya 60, yaani peni 30 kwa siku. Kubwa ingefika siku 120, ila alama ya kikopo kilichofunguliwa inasema 3M, miezi mitatu. Ikigeuka kahawia siku ya 90 ukaimwaga, umelipa peni 33. Basi gawanya bei kwa siku utakazopaka kweli.