UCHAMBUZI: Kitita cha mdhamini na imani ya wasomaji wa blogu ndogo

MWENYE blogu ndogo nchini Kenya akianza kuulizia namna ya kupata riziki kutokana na maandishi yake, jibu la kwanza analopewa aghalabu huwa ni matangazo ya Google. Ni jibu jepesi, kwa kuwa huduma ya AdSense, iliyozinduliwa mwaka wa 2003, haimtaki mwandishi azungumze na mtangazaji yeyote. Yeye hutuma ombi, akikubaliwa hubandika msimbo mfupi katika kurasa zake, kisha matangazo hujitokeza yenyewe.

Ugumu huanza anapopiga hesabu. Tuchukue mfano wa afisa wa mifugo aliyestaafu mjini Nakuru, ambaye huandika juu ya ufugaji wa kuku wa mayai na ambaye kurasa zake hufunguliwa mara 20,000 kwa mwezi. Kwa minajili ya hesabu tu, tukadirie kwamba kila kurasa 1,000 zinazofunguliwa humletea dola moja. Hizo ni dola 20 kwa mwezi, ambazo ni Sh2,580 iwapo dola inabadilishwa kwa Sh129. Lakini Google haitoi malipo kabla ya salio kufika dola 100. Maana yake ni kwamba mstaafu huyu atangoje miezi mitano ndipo aone Sh12,900, na benki nayo huenda ikakata ada yake kwa kupokea fedha kutoka ng'ambo. Kabla ya hapo, salio lifikapo dola 10, kampuni humtumia kwa posta barua yenye nambari ya siri ya kuthibitisha anwani. Anayeshiriki sanduku la posta na shule au kanisa huenda asiione barua hiyo kwa majuma kadhaa.

Uchache huu wa pato ndio huwasukuma wengi kwenye makosa mawili. La kwanza ni kuwarai jamaa na marafiki wayabonyeze matangazo. Kanuni za AdSense zinakataza jambo hilo waziwazi, na mara nyingi adhabu yake ni kufungiwa akaunti na kupoteza salio. Kosa la pili ni kurundika matangazo hadi msomaji mwenye rununu alazimike kuyapita matatu au manne kabla ya kuiona aya ya kwanza. Lakini hata hivyo, matangazo ya aina hii hayamdanganyi mtu. Msomaji huona kisanduku, akajua ni biashara, akaendelea na safari yake. Huudhika, naam, ila hageuki kuwa mhanga.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye makala yaliyolipiwa.

Turejee kwa mstaafu wetu. Kampuni moja ya chakula cha mifugo inampigia simu na kumwahidi Sh15,000 kwa makala mamoja tu, kitita kinachozidi pato lake la miezi mitano ya matangazo. Inaweka masharti matatu: asitaje kwamba amelipwa, aweke kiungo cha kawaida kuelekea tovuti ya kampuni, na aandike kwamba yeye binafsi ameona kuku wakiongeza utagaji baada ya kula chakula hicho. Kwa hakika hajawahi kukitumia.

Ili kuelewa uzito wa sharti hilo la tatu, ni vyema kumtazama msomaji badala ya mwandishi. Mfugaji mwenye kuku 300 wa mayai, kila mmoja akila takriban gramu 120 kwa siku, hutumia kilo 36 za chakula kila siku. Kwa mwezi mmoja ni kilo 1,080, yaani zaidi ya magunia 15 ya kilo 70. Tuseme anabadilisha chakula kwa kuwa aliyemwamini kwa miaka mingi amesema hivyo, halafu utagaji unashuka kutoka mayai 240 hadi 200 kwa siku. Mayai 40 ni zaidi ya trei moja, na trei hiyo humpotea kila kuchapo. Kufikia mwisho wa mwezi atakuwa amepoteza trei 40, na huenda asijue kamwe kwamba ushauri ule uliuzwa. Akijua, hatarudi tena, na katika makundi ya wafugaji habari hizo huenea kwa kasi ya moto wa nyika.

Katika mapatano haya kampuni hainunui nafasi katika ukurasa. Nafasi ya kisanduku cha tangazo ingeipata kwa bei ya chini mno. Inachotaka ni jina la afisa yule, ndiyo sababu inasisitiza malipo yasitajwe. Hilo ndilo linalomwezesha mwandishi kutofautisha mdhamini anayetaka kutangaza na anayetaka kuazima sauti yake: amweleze mapema kwamba makala yatawekwa alama ya kulipiwa, kisha asubiri jibu.

Alama yenyewe ina namna zake. Maneno kama "kwa ushirikiano na" au "kwa hisani ya" hayamwelezi msomaji wa kawaida kwamba fedha zimetolewa. "Tangazo la kulipiwa" humweleza. Inafaa alama iwe juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza, mahali ambapo mwenye simu ataiona kabla hajaanza kuteremsha ukurasa, wala si mwishoni kwa herufi ndogo. Aidha, heri neno "Tangazo" liwekwe katika kichwa chenyewe, kwani makala yanaposambazwa kupitia WhatsApp au Facebook, kichwa ndicho husafiri na mengine yote hubaki nyuma. Magazeti yamefanya hivyo kwa miongo kadhaa katika kurasa za matangazo, na hakuna mtangazaji aliyekimbia kwa sababu hiyo.

Sharti la kiungo linaonekana dogo lakini lina mtego. Kiungo cha kawaida kutoka blogu inayoheshimika huisaidia kampuni kupanda katika matokeo ya utafutaji, na huenda hiyo ndiyo bidhaa inayonunuliwa hasa. Tangu mwaka wa 2019 Google imewataka wenye tovuti kuvitambulisha viungo vilivyolipiwa kwa namna hii:

```
<a href="https://example.com" rel="sponsored">Jina la kampuni</a>
```

Msomaji haoni tofauti yoyote anapobonyeza, ila mtambo wa utafutaji huelewa kwamba kiungo hicho si ushuhuda. Mwenye blogu anayeuza viungo bila alama hiyo anaweza kuadhibiwa, na taarifa ya adhabu huipata katika Search Console, chini ya "Manual actions", ikiwa na maneno "Unnatural links from your site". Kwa blogu ambayo wasomaji wake wengi hutoka kwenye utafutaji, kushushwa huko ni sawa na duka kufungiwa barabara. Ajabu ni kwamba mdhamini hupata kiungo kingine kwingineko siku iyo hiyo, ilhali mwandishi husalia akiomba msamaha kwa mtambo.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inaharamisha madai ya uongo kuhusu ubora na manufaa ya bidhaa, hivyo ushuhuda wa kubuni kuhusu utagaji haubaki kuwa suala la maadili pekee. Kuhusu ushuru, Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wakazi wanaolipwa kutokana na maudhui ya kidijitali, udhamini ukiwemo. Kati ya zile Sh15,000, kampuni itazuia Sh750 na kuziwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru, na mwandishi atapokea Sh14,250. Anayeafikiana kwa simu bila kuuliza nani atabeba kodi hiyo hujikuta akizozana na mhasibu baadaye.

Njia ya tatu ni kuuza bidhaa yake mwenyewe. Mstaafu wetu anaweza kutayarisha daftari la kumbukumbu za kuku katika PDF, lenye kurasa za kujaza chanjo, chakula na mayai ya kila siku, akaliuza kwa Sh300 kupitia M-Pesa. Wanunuzi 40 kwa mwezi wangemletea Sh12,000, bila mdhamini na bila kungoja salio la dola 100. Hao 40 ni idadi ndogo mno ikilinganishwa na kurasa 20,000, lakini kuwapata si rahisi jinsi hesabu inavyodokeza, kwa kuwa wengi wanaofungua ukurasa hawafugi lolote. Walikuwa wakipita tu.

Watu hudhani kwamba njia hii haina mgongano wa masilahi. Unao. Siku mwandishi anapoanza kuuza daftari, huingiwa na kishawishi cha kufupisha makala ya bure ili msomaji alazimike kununua, au kuyaondoa ya zamani na kuyafungia ndani ya bidhaa. Mfugaji aliyezoea kusoma ratiba ya chanjo bila malipo, kisha akakuta imeng'olewa na kuwekewa bei, huhisi amepokonywa. Afadhali kilichokuwa bure kibaki bure, na kinachouzwa kiwe kazi mpya: mpangilio, fomu za kujaza, na marekebisho ya kila mwaka kwa aliyenunua. Marekebisho hayo ndiyo pia kinga ya pekee yenye maana dhidi ya nakala zinazosambazwa ovyo, maana faili huibwa kwa urahisi lakini toleo la mwaka ujao humfikia mnunuzi tu.

Ukurasa wa mauzo nao uonyeshe idadi ya kurasa, kurasa mbili za mfano, na uweke bayana ni nani asiyehitaji bidhaa hiyo. Mwenye kuku wanane nyuma ya jikoni hahitaji daftari la Sh300, na akiambiwa hivyo kabla ya kulipa, atakumbuka. Nambari za simu za wanunuzi ni suala jingine. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, kuzitumia kwa kuwarushia jumbe za biashara ambazo hawakuziridhia ni ukiukaji, na kumkabidhi mdhamini orodha hiyo ni kubaya zaidi.

Dalili kwamba imani imeanza kumomonyoka hazionekani katika idadi ya wanaofungua kurasa, kwani utafutaji unaweza kuendelea kuleta wageni hata wenyeji wakihama. Zimo katika wale wanaorejea bila kuelekezwa, katika wanaojiondoa kwenye barua pepe juma lile lile makala yaliyolipiwa yanapotoka, na katika maswali. Mfugaji aliyekuwa akiuliza "nifanye nini?" akianza kuuliza "hawa wamekulipa?" hata chini ya makala ambayo hayakulipiwa, hasara tayari imeingia.

Kwa mstaafu wetu, jibu kwa kampuni ile linaweza kuwa pendekezo mbadala: kisanduku kilichoandikwa "Tangazo" kwa Sh5,000 kwa mwezi, miezi mitatu, malipo kabla ya kuchapishwa, kiungo chenye alama, na maelezo ya bidhaa yawe kwa jina la kampuni yenyewe. Jumla ni zile zile Sh15,000. Kampuni ikikataa, itakuwa imedhihirisha ilichokuwa ikinunua.